Jibu la uongo lazima liwe na mwenyewe

Nimetumiwa tena swali la kundi letu la kujisomea: "Tanganyika ilipata uhuru mwaka gani? A. 1498 B. 1750 C. 1961 D. 2005." Mtungaji anaamini kazi yote iko kwenye jibu sahihi, hayo mengine ni ya kujazia nafasi. Jamani, 2005! Hata aliyesinzia kidato chote atalipata.

Jibu la uongo zuri ni kosa ambalo mtu halisi hulifanya. Mimi huuliza kwanza bila machaguo, kila mmoja anaandika kwenye kikaratasi, kisha naokota makosa yao. Kwa swali hili niliokota 1962, 1963 na 1964. Wa 1962 amechanganya uhuru na Jamhuri, na simlaumu, maana zote mbili ziliangukia tarehe 9 Desemba, mwaka mmoja ukipita kati yake. Wa 1963 ameshika uhuru wa Zanzibar, au wa Kenya uliofuata siku mbili baadaye. Wa 1964 anafikiria Muungano. Nikihesabu nani kachagua lipi, najua cha kurudia. Jibu lisilochaguliwa na yeyote nalitupa.

Kweli/Si kweli ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu watu hudhani ni rahisi kutunga. Tazama: "Tanzania ilipata uhuru mwaka 1961." Mtungaji kaandika Kweli. Mwanafunzi mzembe naye anasema Kweli, anapewa alama. Yule makini anakumbuka kwamba mwaka huo hapakuwa na nchi iitwayo Tanzania: iliyopata uhuru ni Tanganyika, Muungano ukaja 26 Aprili 1964, na jina lenyewe likaanza kutumika Oktoba mwaka huohuo. Anasema Si kweli, anakosa! Wajuzi wakikosa na wababaishaji wakipata, mwenye kosa ni swali. Tena usibandike madai mawili kwenye sentensi moja. "Vita vya Maji Maji vilianza 1905 vikiongozwa na Mkwawa" ina nusu ya kweli, na akisema Si kweli hujui amekataa nusu ipi. Mkwawa alikufa 1898. Yatenge.

Na neno "pekee" au "daima" liondoe, linanuka uongo kutoka mbali.

Kuna jambo sijalimaliza. "Sababu kuu ya Vita vya Maji Maji ilikuwa ipi?" Kilimo cha pamba cha kulazimishwa, kodi, mijeledi ya maakida: kila moja ina watetezi, nami nikiweka tiki kwenye pamba najiona nadanganya kidogo. Siku hizi naandika "Ipi kati ya hizi haikuwa sababu?", ingawa maswali ya kukanusha pia siyapendi, mtu huruka "haikuwa" akaanguka. Naipigia mstari.

Kuna pia hofu ya 1962. Wiki mbili baada ya jaribio, mmoja wao aliitaja kwa kujiamini kabisa, na nahofia ni mimi niliyempandikizia. Sasa majibu nayasoma palepale, kabla hawajanyanyuka kwenye viti.