Jedwali la picha halipokelewi tena kwenye miongozo ya mfumo

Msimu wa korosho unakaribia na malalamiko yameanza. Makarani wa AMCOS huku Masasi, Newala na Tandahimba hufungua mwongozo wa mfumo wa mizani kwa simu, wakakuta jedwali ni picha ya skrini: herufi hazisomeki, na ukitafuta neno lililomo hulipati. Kitengo cha TEHAMA kinawakumbusha waandishi wa miongozo kwamba jedwali dogo la ulinganisho liandikwe kwa Markdown.

Tuchukue picha iliyoletwa kwetu, inayolinganisha simu na kompyuta. Ikiandikwa inakuwa hivi:

```
| Kipengele            | Simu  | Kompyuta |
|----------------------|-------|----------|
| Bila mtandao         | Ndiyo | Hapana   |
| Kipimo (kilo\|gunia) | Kilo  | Vyote    |
```

Mstari wa pili, ule wa vistari, ndio unaotangaza jedwali. Visanduku vyake lazima vilingane kwa idadi na vya mstari wa vichwa. Kikipungua kimoja, paipu zitatokea zenyewe katikati ya aya. Kuzipanga paipu zinyooke wima si lazima. Wapo wanaobonyeza spesi asubuhi nzima kwa ajili hiyo, tafadhali waache kufanya hivyo.

Sasa tazama ule mkwaju wa kinyume kati ya kilo na gunia. Kwenye picha haupo, na mwandishi alinakili bila kuuweka. Paipu ya ndani ikahesabiwa kuwa ukingo wa kisanduku, mstari ukawa na visanduku vinne badala ya vitatu. Safuwima ya Simu ikaonyesha "gunia)", ya Kompyuta ikaonyesha "Kilo", na neno "Vyote" likatupwa bila onyo lolote. Karani akisoma hapo ataamini kompyuta inapima kilo tu. Kuyazungushia maneno hayo alama za msimbo hakusaidii; paipu bado itakata.

Tumeambiwa mara nyingi kuwa "Markdown ni Markdown tu". Sivyo. Ile ya John Gruber ya mwaka 2004 haikuwa na jedwali. Sisi tunafuata kanuni za GitHub. Hizo hazina visanduku vilivyounganishwa, kwa hiyo kichwa kilichotanda juu ya safuwima mbili kwenye picha kiandikwe mara mbili.

Kabla ya kuwasilisha, acha mstari mtupu juu ya jedwali, fungua ukurasa ulivyotokea (si faili la maandishi), kisha mwenzako asome picha kwa sauti nawe ufuatilie kisanduku kwa kisanduku, ukianza na safuwima ya mwisho kulia, maana ndiyo inayopotea. Andika jina la msomaji kwenye fomu ya mapitio. Mwongozo wenye jedwali la picha, au usio na jina hilo, utarudishwa na kupangwa upya mwisho wa foleni.