Nusu inchi: maana yake kwenye bomba, koki na hesi

Aliyejifunza ufundi bomba kwa kumshikia mjomba spana anaijua "nusu" kabla hajajua kitu kingine. "Lete elbo ya nusu." "Hiyo ni robo tatu, irudishe." Mkono huzoea ukubwa, jicho huzoea umbo, na kazi inakwenda. Shida huja siku unapochukua rula. Nusu inchi ni milimita 12.7, lakini ukipima hesi ya koki ya nusu, yaani ile mikunjo yake ya kufungia, unapata karibu milimita 21. Ukipima bomba la plastiki la PPR linalouzwa kama nusu, unapata 20 kwa nje na 13 na kidogo kwa ndani. Bomba la chuma la nusu lina karibu 21 kwa nje na karibu 16 kwa ndani. Hakuna hata moja lenye 12.7.

Rula haijakosea, wala muuzaji hajakuibia. "Nusu inchi" kwenye mabomba ni jina la saizi. Zamani, mabomba ya chuma yalipokuwa na kuta nene, jina hilo lilikaribiana na tundu la ndani ambamo maji hupita. Chuma kilipoboreka kuta zikapunguzwa unene. Hapo ilibidi kuchagua kipi kibaki vilevile, upana wa nje au wa ndani. Wakauacha wa nje, kwa sababu hesi hukatwa kwa nje, na kila elbo, tii na soketi iliyokwisha kutengenezwa ilipaswa kuendelea kuingia. Tundu likapanuka na jina likabaki.

Kwa hiyo fundi akisema nusu, kitu pekee anachokuahidi kwa hakika ni hesi, ambayo mafundi wengi huiita thredi. Hesi ya nusu ya mfumo wa Kiingereza, ambao ndio uliozoeleka Afrika Mashariki, ina upana wa nje wa milimita 20.955 na mikunjo 14 kwa kila inchi ya urefu. Robo tatu ina milimita 26.441, na mikunjo ni 14 vilevile. Inchi moja ina milimita 33.249, ila mikunjo yake ni mikubwa zaidi, 11 tu kwa inchi.

Si kila mtu ana kalipa ya kupimia, na haihitajiki. Kata kipande chembamba cha karatasi, kizungushe juu ya hesi ya nje ya koki, weka alama mahali kinapokutana, kisha kinyooshe juu ya rula. Ukipata sentimita 6.6 hivi, hiyo ni nusu. Sentimita 8.3 ni robo tatu, na 10.4 ni inchi moja. Tofauti ni kubwa kiasi kwamba hata karatasi ikiteleza kidogo hutakosea. Njia hii inaokoa safari ya pili dukani, hasa koki ya zamani ikiwa imevunjika na kipande kimebaki ukutani. Ukichomoa kipande hicho, kipime kabla hujakitupa.

Angalizo kwa wanaotumiwa vifaa kutoka Marekani: nusu ya kule nayo ina mikunjo 14 kwa inchi, ila pembe ya mkunjo ni nyuzi 60 badala ya 55. Vifaa hivyo huonekana kukubaliana, huingia raundi chache, kisha hukaza mapema na kuvuja. Tepi nyingi haitatui hilo.

Sasa tuje kwenye mahali ambapo jina hili huwaumiza watu, yaani kubadilisha bomba la chuma kwa la plastiki. Chukua nyumba yenye tenki juu ya mnara, maji yakiwa mita 3 juu ya bomba la mvua la bafuni. Kimo cha mita 10 cha maji hutoa presha ya takriban baa 1, kwa hiyo mita 3 zinatoa 0.3. Ni presha ndogo, na chochote kinachobana njia kitaonekana. Bomba la zamani lilikuwa la chuma, nusu, na limeota kutu. Kijana aliyeona wajomba wakifanya anaona ni kazi rahisi: toa nusu, weka nusu. Ananunua PPR ya 20, anachomelea vizuri, hakuna tone linalovuja. Anafungua maji, na yanatoka kidogo kuliko ilivyokuwa enzi chuma kikiwa kipya.

Soma maandishi yaliyochapwa kwenye ubavu wa bomba na utaona sababu. PPR ya kundi la presha la PN20 huandikwa 20 x 3.4, maana yake upana wa nje ni milimita 20 na unene wa ukuta ni 3.4. Toa ukuta wa pande zote mbili, yaani 6.8, unabaki na tundu la 13.2. Chuma kilikuwa na 16. Kwa macho ni milimita 3 tu zilizopotea, lakini nafasi ya maji kupita imepungua kwa karibu theluthi. Na ukitaka maji yaleyale yapite, msuguano njiani unakula presha zaidi ya mara mbili. Penye baa 0.3 hilo halifichiki.

Sasa tazama PPR ya 25 x 4.2. Toa 8.4 kwenye 25, unabaki na 16.6. Hili, ambalo dukani huitwa robo tatu, ndilo lenye tundu linalolingana na nusu ya chuma. Kwa hiyo katika nyumba hiyo njia yote kutoka kwenye tenki hadi bafuni iwe 25, na ishuke kuwa 20 kwenye kipande kifupi cha mwisho tu, kabla ya elbo yenye hesi ya shaba. Elbo hiyo inaitwa "20 kwa nusu": 20 ni upande wa kuchomelea, nusu ni upande wa hesi. Namba moja ni milimita, nyingine ni jina. Ukishalijua hilo, orodha ya vifaa haikuchanganyi tena.

Tundu hilo la 13.2 unaweza kulipunguza zaidi kwa mkono wako mwenyewe. Mashine ya kuchomelea PPR huwekwa nyuzi 260 za Selsiasi. Bomba la 20 hupashwa moto kwa sekunde 5 na la 25 kwa sekunde 7, likiingia kiasi cha milimita 14 kwa la 20 na 16 kwa la 25. Weka alama ya penseli kabla ya kupasha. Ukilishikilia hadi sekunde 12 "ili lishike vizuri", au ukilisukuma kupita alama, plastiki iliyoyeyuka huviringika kwa ndani na kufanya pete inayoziba njia. Nje kiungo huonekana kizuri kabisa. Ukiwa na mashaka, chomelea kiungo kimoja cha majaribio, kikate kwa urefu na msumeno na uangalie ndani. Pete nyembamba ni ya kawaida. Ikiwa imekula robo ya tundu, punguza sekunde.

Kitu cha pili ambacho neno "nusu" halikwambii ni namna maji yanavyozuiwa. Kwenye maboksi ya koki na viungo utaona R1/2 au G1/2. Zote ni nusu, na zinaweza kuingiliana, lakini hazizuii maji kwa njia moja. R ni hesi iliyochongoka: kila milimita 16 za urefu, upana hubadilika kwa milimita 1. Kadiri unavyokaza ndivyo chuma kinavyobana chuma, na tepi nyeupe, au katani iliyopakwa rangi kama walivyofanya wazee, hujaza mianya iliyobaki. Hapa mikunjo yenyewe ndiyo inayozuia maji.

G ni hesi iliyonyooka. Mikunjo yake kazi yake ni kuvuta tu, na kinachozuia maji ni washa iliyobanwa kati ya nyuso mbili bapa. Paipu laini ya kuunganishia sinki au tanki la choo iko hivi: ndani ya nati yake kuna washa ya mpira. Ukikuta imefungwa tepi raundi kumi na bado inavuja, usiongeze tepi. Ifungue, itoe tepi yote, na uangalie washa imekaa na haijakatika. Kisha pitisha kidole kwenye mdomo wa koki inapofungiwa. Ukihisi kikwaruzo au pengo, washa haiwezi kulala hapo, na tepi hata ikiwa nyingi huishia kuizuia nati isifike mwisho. Mdomo ukiwa sawa, kaza kwa mkono hadi igome, halafu robo raundi kwa spana. Ukizidisha unakata mpira.

Kwa koki ya ukutani, ambayo hutegemea mikunjo, tepi ndiyo kila kitu. Geuza mdomo wa hesi ukutazame, na uzungushe tepi kufuata mwendo wa mishale ya saa. Ukizungusha kinyume, koki inapoingia huikunja tepi na kuisukuma nje, na utaiona imejikusanya mlangoni kama utando. Acha mkunjo wa kwanza wazi ili hesi ijishike yenyewe, na ili kipande cha tepi kisiingie kwenye maji na kuziba kichujio cha koki. Tepi nyembamba ya kawaida huhitaji raundi 8 hadi 12, ikivutwa kiasi cha kuonyesha alama za mikunjo.

Kisha inakuja hatua inayoharibu kazi nyingi. Unakaza, koki inapita kidogo, mdomo wake unatazama pembeni badala ya chini. Mkono unataka kuirudisha nyuma. Usiirudishe. Tepi ikishabanwa haifutuki tena, na ukirudisha robo raundi tu unaacha njia ya maji ambayo huenda isionekane leo, ila kesho ukuta utakuwa na alama ya unyevu chini ya koki. Kama koki ina nguvu ya kuendelea, izungushe mbele hadi mdomo uangalie chini. Kama imegoma, itoe yote, safisha hesi, anza na tepi mpya ukiongeza raundi mbili ili ikaze mapema kidogo.

Ukiwa unaingiza hesi ya chuma kwenye soketi ya plastiki tupu, isiyo na shaba ndani, mpangilio ubadilike. Hesi iliyochongoka ni kabari, na plastiki hupasuka kwa urefu, mara nyingi baada ya saa kadhaa presha ikishaingia. Tafuta soketi yenye shaba. Ukiikosa, kaza kwa mkono, ongeza raundi moja kwa spana na uishie hapo. Kisha fungua maji na ukipanguse kiungo kwa karatasi kavu ya chooni. Tone dogo ambalo jicho halilioni, karatasi hulionyesha papo hapo. Rudia kesho yake asubuhi, kabla hujafunika tundu la ukuta kwa saruji.