Je, wajua kwa nini pudini ya mkate hutoa maji?

Pudini yangu ya mkate naitoa jikoni imesimama vizuri, lakini nikiikata nakuta maji chini. Haijaiva, au imeiva kupita kiasi? Na nitajuaje wakati wa kuiepua?

Angalia rangi ya hayo maji. Yakiwa meupe kama maziwa, haijaiva, irudishe motoni. Yakiwa maangavu na nyama ya pudini ina vitundu vitundu kama sponji, moto umeizidi, na hapo hakuna dawa.

Kinachoigandisha pudini ni protini za yai. Zikipata joto hujifungua na kushikana, zikatengeneza kitu kama wavu unaobeba maziwa ndani yake. Yai likiwa limechanganywa na maziwa na sukari, kazi hiyo hukamilika joto likikaribia nyuzi 80. Likipita 85 hivi, wavu unajikaza na kuyakamua maziwa nje, kama mtu anavyokamua nazi. Nafasi kati ya kuiva na kuharibika ni ndogo, ndiyo maana pudini hupikwa ndani ya maji.

Tuchukue mfano wa silesi 6 za mkate wa jana, maziwa nusu lita, mayai 3, sukari vijiko vikubwa 4, hiliki na chumvi kidogo sana. Mkate uwe mkavu kweli. Mkate laini ukilowa husambaratika ukawa bumbwi, lakini mkavu hunywa maziwa na bado ukabaki na umbo. Tatizo la Mtwara na Lindi ni unyevu wa pwani: mkate ukikaa kwenye mfuko haukauki, unaota ukungu. Ukishaota, tupa wote, usikwangue. Ulio mzima upange kwenye kikaango juu ya moto mdogo, dakika 4 au 5 kila upande, ukauke bila kubadilika rangi.

Pasha maziwa na sukari hadi yawe vuguvugu, kisha yamimine kwenye mayai uliyoyakoroga bila kuyapiga povu, kwa sababu povu nalo huacha vitundu. Mimina juu ya mkate, uache ulowe nusu saa. Ukiharakisha hapa, katikati ya silesi patabaki pakavu na maziwa yatatuama chini bila mkate wa kuyashika.

Tandika kitambaa ndani ya sufuria kubwa, weka chombo cha pudini juu yake, tia maji ya moto yafike nusu ya kimo cha chombo. Funika, weka moto mdogo. Maji yawe yanatikisika tu, yasitokote kwa fujo. Anayetaka uso wa kahawia apalie makaa machache juu ya mfuniko, kama afanyavyo kwa mkate wa kumimina, lakini mwishoni, dakika 10 tu.

Anza kuikagua ikifika dakika 30. Tikisa chombo kidogo. Pembeni pasitikisike, ila katikati, upana wa kisahani cha kikombe, pacheze kama maziwa mgando. Ikicheza kama mawimbi, bado. Ukipenda kisu, kichome kati ya ukingo na katikati, kitoke na unyevu bila maziwa yanayotiririka. Wengi hukichoma katikati kabisa na kungoja kitoke kikavu, na kosa liko hapo. Pudini huendelea kuiva kwa joto lake yenyewe baada ya kuepuliwa. Katikati pakianza kuumuka, epua mara moja. Itoe kwenye maji pia, ikae nusu saa kabla ya kukata.

Pudini ya wali nayo ina tabia yake. Wali wa jana uwe ulilala kwenye friji. Uliokesha mezani kwa joto la pwani usiutumie, hata kama haunuki. Chemsha vikombe 2 vya wali katika maziwa nusu lita kwa dakika 10, upoe hadi kidole kivumilie, kisha tia mayai 2. Upike vilevile ndani ya maji, na baada ya dakika 10 za kwanza ukoroge mara moja, maana punje huzama na yai likabaki peke yake juu. Wanga wa wali hulilinda yai lisikatike upesi, lakini pia huufanya mchanganyiko uwe mzito tangu mwanzo, kwa hiyo kutikisa hakukuambii mengi. Tegemea kisu, na uepue ingali laini kuliko unavyotaka kuila, kwa kuwa wali huendelea kunywa maziwa ukipoa.

Ukibadilisha nusu ya maziwa kwa tui, chagua jepesi na uwe mwangalifu zaidi na moto: tui nalo hukatika, na hapo utaona matone ya mafuta yakielea kwenye yale maji maangavu.