Usiite uzembe: titresheni yako iliharibikia kwenye fomula

Kijana wangu, nimemaliza kusahihisha mtihani ulionitumia kwa picha. Pembeni umeandika, "Ni uzembe tu, kemia hainiingii." Maneno hayo nayasikia kila muhula na yananiudhi, kwa sababu humfanya mwanafunzi aache kutafuta kosa lenyewe. Mzembe hukosea huku na kule. Wewe umekosea palepale kila mara: kwenye chaji za ayoni.

Tazama swali la titresheni. Sentimita za ujazo 25.0 za NaOH zilihitaji sentimita za ujazo 20.0 za asidi ya H₂SO₄ yenye 0.10 mol/dm³. Wewe uliandika:

H₂SO₄ + NaOH → NaSO₄ + H₃O

Hesabu atomu: haidrojeni 3 kila upande, oksijeni 5, sodiamu 1, salfa 1. Zote zinalingana, ndiyo maana uliridhika ukaendelea. Lakini ili zilingane umeyageuza maji kuwa H₃O. Maji ni H₂O, na namba ile ndogo haiguswi kamwe. Unaposawazisha mlinganyo unabadilisha namba kubwa za mbele tu. (H₃O⁺ ipo ndani ya asidi, lakini ni ayoni, ina chaji.)

Chanzo ni NaSO₄. Sodiamu ni 1+, salfeti ni 2−, jumla lazima iwe sifuri, kwa hiyo sodiamu zinatakiwa mbili:

H₂SO₄ + 2NaOH → Na₂SO₄ + 2H₂O

Sasa fuata hesabu yako mwenyewe. Moli za asidi ni 0.10 × 20.0 ÷ 1000, yaani 0.0020. Hapo ulipatia, hata kugawa kwa 1000 hukusahau. Ila kwa mlinganyo wako moli za NaOH nazo zikawa 0.0020, na jibu likatoka 0.080 mol/dm³. Zilitakiwa 0.0040, ambazo ukizigawa kwa 0.0250 unapata 0.16. Jibu lako ni nusu kamili ya jibu sahihi, na jibu likitoka nusu au mara mbili, kwanza rudi kwenye uwiano wa moli.

CaNO₃ ni kosa hilohilo, inatakiwa Ca(NO₃)₂. AlOH₃ imekosa mabano tu, lakini bila mabano umetaja oksijeni moja badala ya tatu.

Kwa hiyo kabla ya fomula yoyote andika chaji kwa penseli juu ya kila ayoni, kisha jumlisha. Njia hii ina mpaka wake: lazima chaji zenyewe uzijue. Naitreti, haidroksaidi na amoniamu, NH₄⁺, ni 1, salfeti na kaboneti ni 2, fosfeti ni 3. Hizo zikariri, sijaona njia ya mkato. Chuma kina 2+ na 3+, hivyo soma swali linasema kipi.

Swali la 6 sijalipa alama wala X. Kwenye picha namba 2 inaelea katikati ya Mg na Cl, siwezi kujua ni ya nani. Liandike upya, namba ndogo ishuke chini ya mstari, upige picha karibu zaidi.