Kukoma hedhi na mafuta yanayojaa tumboni

Mwanamke huhesabiwa amekoma hedhi akimaliza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, pasipo sababu nyingine kama mimba au dawa. Wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Ila mwili huanza kubadilika mapema, hedhi ikiwa bado inaruka ruka, na tumbo ni kati ya mambo ya kwanza kuonekana.

Katika miaka ya uzazi, homoni ya estrojeni huelekeza mafuta ya akiba kwenye nyonga, makalio na mapaja. Inapopungua, akiba mpya huwekwa zaidi tumboni. Sehemu yake hukaa chini ya ngozi, ile unayoweza kuifinya kwa vidole. Nyingine hujaa ndani zaidi, kuzunguka utumbo na ini, na hii ndiyo ya kuangaliwa: asidi zake za mafuta huingia moja kwa moja kwenye ini, insulini ikashindwa kufanya kazi yake vizuri, na hatari ya kisukari na maradhi ya moyo ikapanda.

Mizani inaweza isikuambie lolote. Chukua mwanamke wa miaka 51, urefu sentimita 160, ambaye kwa miaka mitatu amebaki na kilo 68, lakini kiuno kimetoka sentimita 78 hadi 86 na sketi hazifungi. Hajakosea kupima. Misuli imepungua, mafuta yamechukua nafasi yake, na jumla ya kilo ikabaki ileile.

Kwa hiyo pima kiuno. Simama wima, zungusha utepe katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, toa pumzi kawaida, kisha soma bila kukaza utepe wala kubana tumbo. Kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Kwa mwanamke huyu nusu ni 80, naye amevuka kwa sentimita sita.

Mazoezi ya tumbo peke yake hukaza misuli ya hapo, hayachagui mafuta ya kuondoa. Kinachosaidia ni kutembea kwa kasi karibu kila siku, kunyanyua vitu vizito angalau mara mbili kwa wiki ili misuli irudi, kula protini ya kutosha na kupunguza vinywaji vyenye sukari. Tiba ya homoni inaweza kupunguza kiasi mafuta kujaa tumboni, lakini haitolewi kama dawa ya kupunguza uzito, na si kila mwanamke anafaa kuitumia.

Mafuta haya huongezeka polepole, kwa miezi na miaka. Tumbo likivimba ndani ya wiki chache, ukashiba upesi au ukaumwa chini ya kitovu, usilipe jina la umri: nenda hospitali ukachunguzwe ovari. Nenda hospitali pia ukitokwa na damu, hata matone, baada ya ile miezi 12.