Takwimu za maelezo na takwimu za makisio: kupanga uchambuzi kabla dodoso halijachapwa

Takwimu za maelezo husema kilichopatikana kwa watu uliowauliza, na hapo huishia: idadi, asilimia, wastani. Takwimu za makisio huchukua majibu ya hao wachache na kupima kama yanatosha kusema jambo juu ya wengi ambao hukuwafikia. Mahali pa kuamua utumie zipi ni kwenye pendekezo la utafiti. Ukisubiri mpaka data zimeshaingizwa kwenye kompyuta ndipo uulize, "Mwalimu, hapa niweke kipimo gani?", mara nyingi utakuta swali lililohitajika halikuwekwa kwenye dodoso.

Tuseme mwanafunzi wa uuguzi jijini Tanga anataka kuchunguza wauguzi wanaochomwa na sindano kazini. Ana malengo mahususi mawili. La kwanza ni kujua ni wauguzi wangapi wamechomwa angalau mara moja katika miezi 12 iliyopita. La pili ni kujua kama waliopata mafunzo ya kuzuia maambukizi huchomwa kwa kiasi tofauti na wasioyapata. Ameteua kwa bahati nasibu wauguzi 120 kutoka kwenye orodha ya wauguzi wote wa hospitali na vituo vya afya vya jiji. Namba zote zitakazofuata nimezitunga kwa ajili ya kufundishia.

Lengo la kwanza linauliza "kiasi gani", na kazi yake ni ya maelezo. Wauguzi 38 kati ya 120 walichomwa, sawa na asilimia 31.7. Hakuna kipimo cha kutafuta hapo, kwa sababu hakuna makundi mawili ya kulinganisha. Ila kwa kuwa hao 120 wanawawakilisha wengine, ni vizuri kuweka pembeni masafa ya uhakika ya asilimia 95, yaani eneo ambamo asilimia ya wauguzi wote wa jiji inakadiriwa kuwa, ambayo hapa yanaanzia karibu asilimia 23 hadi 40. Hayo tayari ni makisio, ingawa hayana kipimo cha kulinganisha.

Lengo la pili lina mambo mawili yanayowekwa pamoja: mafunzo na kuchomwa. Kabla ya kwenda wodini, mwanafunzi achore jedwali tupu. Mistari iwe "amepata mafunzo" na "hajapata", safu ziwe "alichomwa" na "hakuchomwa". Mimi sikubali pendekezo lisilo na jedwali hilo, kwa sababu linaonyesha mapema aina ya data itakayopatikana. Hapa yote mawili ni ya ndiyo au hapana, basi kipimo chake ni kai-skwea. Kama angekuwa analinganisha alama za maarifa kati ya makundi mawili, angehitaji kipimo cha t, au cha Mann-Whitney iwapo alama zimelalia sana upande mmoja. Na kama angewauliza wauguzi walewale kabla na baada ya mafunzo, kai-skwea ya kawaida isingefaa, maana hayo si makundi mawili tena. Pangehitajika kipimo cha McNemar.

Sasa jaza jedwali. Waliopata mafunzo ni 50, na 10 kati yao walichomwa, yaani asilimia 20. Wasiopata ni 70, na 28 walichomwa, asilimia 40. Asilimia hizo ni maelezo, na zinaandikwa kwanza kila mara, kwa sababu ndizo zinazomwambia muuguzi mkuu ukubwa wa tatizo. Kai-skwea inakuja baada yake na swali lake: kama mafunzo hayana uhusiano wowote na kuchomwa, tungetegemea nini? Kwa jumla watu 38 kati ya 120 walichomwa. Ukigawa kwa uwiano huo, kwenye kundi la watu 50 tungetegemea 15.83 wachomwe. Tumepata 10. Kwa kila chumba kati ya vyumba vinne vya jedwali, tofauti kama hiyo inazidishwa kwa yenyewe na kugawanywa kwa namba tegemewa ya chumba hicho, na jumla yake inatoka 5.39, na thamani ya p karibu 0.02. Maana yake, kama kweli wauguzi wa jiji zima hawana tofauti, pengo kubwa kama hili au kuzidi lingetokea kwa bahati ya uteuzi kama mara 2 katika sampuli 100.

Kwenye programu ya takwimu ya SPSS, kai-skwea iko ndani ya `Analyze > Descriptive Statistics > Crosstabs`, na jina la menyu hiyo limewapotosha wengi wakaandika kwamba wametumia takwimu za maelezo tu. Ukipata matokeo, soma kwanza maandishi madogo chini ya jedwali. Hapa yatasema:

```
0 cells (0.0%) have expected count less than 5. The minimum expected count is 15.83.
```

Hiyo ni ruhusa ya kuendelea. Kama kuna chumba chenye namba tegemewa chini ya 5, kwenye jedwali la vyumba vinne chukua mstari wa `Fisher's Exact Test`.

Hebu sasa punguza sampuli nusu, asilimia zibaki zilezile: waliochomwa ni 5 kati ya 25, na 14 kati ya 35. Kai-skwea inashuka hadi 2.70 na p inapanda hadi 0.10, juu ya mpaka wa 0.05 uliozoeleka. Pengo la asilimia 20 kwa 40 lipo vilevile, ila ushahidi ni mchache. Kuandika hapo kwamba "mafunzo hayana uhusiano na kuchomwa" ni kosa. Kilichoonekana ni kwamba sampuli haikutosha kuthibitisha.

Kuna kasoro ambayo p ndogo haiwezi kuiponya, na hii naomba izingatiwe sana. Dodoso likiuliza "Je, umewahi kupata mafunzo?" bila tarehe, huwezi kujua kipi kilitangulia. Muuguzi anaweza kuwa alichomwa mwezi wa pili, kisha ndiyo akapelekwa mafunzoni. Kwenye jedwali atahesabiwa kama aliyefunzwa na akachomwa. Dawa yake ni kuuliza mwezi na mwaka wa mafunzo, na mwezi wa kuchomwa, na hilo linawezekana tu kabla dodoso halijachapwa. Hata hivyo, utafiti wa kuuliza mara moja unaonyesha uhusiano; hauthibitishi kwamba mafunzo ndiyo yaliyopunguza kuchomwa. Huenda waliofunzwa wako kwenye wodi ambazo sindano hutumika kidogo.

Uteuzi nao una mipaka yake. Ukiwauliza wauguzi waliokuwa zamu siku uliyofika, p haina msingi imara wa kusimamia, na hata sampuli nzuri ya jiji la Tanga haisemi lolote juu ya Lushoto au Kilindi. Kinyume chake, ukiwauliza wauguzi wote wa hospitali moja na swali lako ni la hospitali hiyo kwa mwaka huo tu, asilimia zinatosha. Huhitaji kukisia watu ambao umeshawahesabu.

Sehemu ya uchambuzi kwenye pendekezo letu basi inaweza kuwa fupi hivi: "Lengo la 1 litajibiwa kwa idadi, asilimia na masafa ya uhakika ya asilimia 95. Lengo la 2 litajibiwa kwa asilimia za kila kundi na kipimo cha kai-skwea, au cha Fisher pale namba tegemewa itakapokuwa chini ya 5, kwa kiwango cha 0.05. Waliofunzwa baada ya kuchomwa watahesabiwa kwenye kundi la wasiofunzwa. Umri, wodi na miaka ya kazi vitaelezwa tu, bila kupimwa."