Tabaka la mpaka: kukadiria buruto la upepo kwenye bamba

Chukua bamba bapa la alumini pale Dodoma, urefu mita 1 na upana mita 2, limelala sambamba na upepo wa mita 5 kwa sekunde unaopita juu yake kwa kufuata urefu. Hewa inayogusa bamba haisogei kabisa. Kadiri unavyopanda juu kasi inaongezeka hadi kufikia ile ya upepo wenyewe. Ukanda huo wa hewa iliyopunguzwa kasi ndio tabaka la mpaka. Kwenye ncha inayopokea upepo unene wake ni sifuri, na kuelekea nyuma unakua kwa sababu mnato wa hewa unazidi kuvuta matabaka ya juu.

Mwaka 1921 Theodore von Kármán alionyesha kwamba si lazima ujue kila kinachotokea ndani ya ukanda huo. Momenta yote ambayo hewa imepoteza imechukuliwa na msuguano wa bamba, kwa hiyo inatosha kuhesabu hasara hiyo kwa jumla:

τ = ρU² dθ/dx

Hapa τ ni mkazo wa msuguano usoni, ρ ni densiti ya hewa, U ni kasi ya upepo, x ni umbali kutoka ncha ya mbele, na θ ni unene wa momenta, yaani unene wa hewa yenye kasi kamili ambayo ingebeba momenta iliyopotea.

Sasa unakisia umbo la kasi. Parabola inafaa, `u/U = 2(y/δ) − (y/δ)²`, ambapo u ni kasi ya hewa kwenye kimo y juu ya bamba na δ ni unene wa tabaka, kwa kuwa inaanza na sifuri kwenye bamba na kufika U kwenye unene δ bila kona. Umbo hilo linatoa θ = 2δ/15 na τ = 2μU/δ, μ ikiwa mnato wa hewa. Ukiyaweka kwenye mlinganyo na kuunganisha kutoka ncha ya mbele, unapata:

δ = 5.48x/√Re

Re ni namba ya Reynolds, ρUx/μ, inayolinganisha nguvu ya mwendo wa hewa na ya mnato wake.

Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya bahari, hivyo kwa nyuzi 25 densiti ya hewa ni kama 1.04 kg/m³. Namba ya Reynolds mwishoni mwa bamba inakuwa karibu 280,000. Unene δ hapo ni milimita 10.3, na θ ni milimita 1.38. Buruto la upande mmoja ni ρU²θ mara upana: niutoni 0.07, sawa na uzito wa gramu 7 hivi.

Suluhisho kamili la milinganyo ya tabaka la mpaka, alilotoa Blasius, linatoa buruto pungufu kidogo. Parabola imezidisha kwa asilimia 10. Kinachonivutia zaidi ni kwamba hata ukikisia mstari mnyoofu, unene unakosewa kwa asilimia 31 lakini buruto kwa 13 tu. Ujumlishaji unalainisha kosa la umbo, kwa hiyo uamini buruto kuliko δ.

Hesabu hii ni ya mtiririko tulivu. Upepo ukikaribia mita 9 kwa sekunde, Re inafika 500,000, na nyuma ya bamba msukosuko huanza. Hapo parabola itakupa buruto dogo mno. Bati la migongo halihusiki kabisa, maana mabonde yake yanabadilisha shinikizo la hewa, na mlinganyo wa juu umechukulia kwamba shinikizo halibadiliki.